Ukianza Estrojeni ya Kumeza, Dozi Yako ya Thairoidi Ipimwe Upya

Kuna majibu ya maabara yanayoweza kumchanganya hata daktari akiyasoma kwa haraka. Mwanamke aliyeondolewa tezi ya thairoidi, anayemeza levothairoksini kila asubuhi bila kukosa, anakwenda kupima kwa sababu amekuwa akichoka isivyo kawaida. Karatasi inarudi na mistari miwili. Mstari wa kwanza unasema T4 imepanda kupita kiwango. Wa pili unasema TSH nayo imepanda. Ukisoma wa kwanza peke yake utasema dawa imezidi, ipunguzwe. Ukisoma wa pili utasema dawa haitoshi, iongezwe.

Ufumbuzi uko kwenye swali ambalo mara nyingi haliulizwi: katika miezi miwili mitatu iliyopita, umeanza kumeza dawa nyingine yoyote? Akijibu kwamba ameanza vidonge vya uzazi wa mpango, au vidonge vya homoni kwa ajili ya joto la ukomo wa hedhi, mambo yanaanza kueleweka. TSH ndiyo inayosema kweli. Mwili wake una njaa ya homoni ya thairoidi, ingawa T4 iliyopimwa inaonekana nyingi. Kilichobadilika ni protini inayobeba homoni hiyo ndani ya damu, na aliyeibadilisha ni estrojeni.

Suala hili linawahusu wanawake wanaotumia levothairoksini, yaani walioondolewa tezi kwa upasuaji, waliotibiwa kwa iodini ya mnururisho, au ambao tezi yao imedhoofishwa na ugonjwa wa Hashimoto. Mwanamke mwenye tezi nzima anaweza kumeza estrojeni bila kuhangaika na thairoidi yake, na sababu yake tutaiona. Kwa anayetegemea kidonge cha thairoidi, dozi iliyomfaa kwa miaka inaweza kuwa pungufu ndani ya wiki chache tu.

Homoni iliyobebwa na homoni iliyo huru

Levothairoksini ni T4, homoni ileile ambayo tezi ya thairoidi ingeitengeneza. Ikishafika kwenye damu, karibu yote hunaswa na protini. Katika kila chembe 10,000 za T4 zilizomo kwenye damu, ni mbili au tatu tu zilizo huru. Protini inayobeba sehemu kubwa zaidi ni globulini inayoshika thairoksini, ambayo madaktari huiita kwa kifupi TBG. Hutengenezwa na ini.

Fikiria daladala na abiria wake. Abiria aliyekaa kwenye kiti hawezi kufanya kazi yoyote sokoni mpaka ashuke. T4 iliyoshikwa na TBG iko vivyo hivyo: ipo kwenye damu, maabara inaweza kuihesabu, lakini haiwezi kuingia kwenye moyo, ubongo, misuli au utumbo. Inayofanya kazi ni ile chache iliyo huru. Sasa viti vikiongezeka ghafla huku abiria wakiwa walewale, wengi zaidi watakaa na wachache watabaki chini.

Hivyo ndivyo estrojeni ya kumeza inavyofanya. TBG huongezeka, T4 nyingi zaidi hunaswa, na T4 iliyo huru hupungua. Tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo, huhisi upungufu huo na kutoa TSH zaidi, ambayo ni amri kwa tezi ya thairoidi iongeze kazi. Mwanamke mwenye tezi nzima huitikia amri hiyo. Tezi yake hutoa T4 kidogo zaidi, nafasi mpya kwenye TBG hujaa, T4 iliyo huru hurudi palepale, na yeye mwenyewe hajui kwamba kuna jambo limetokea.

Aliyeondolewa tezi hana wa kuitikia. TSH itapanda na kuendelea kupanda, lakini T4 inayoingia mwilini ni ileile iliyomo kwenye kidonge cha asubuhi. Kwa mwenye Hashimoto ambaye tezi yake bado ina uhai kidogo, huenda ikafidia sehemu ya upungufu. Ndiyo maana wanawake wawili wanaomeza kidonge kilekile cha uzazi wa mpango wanaweza kupata matokeo tofauti kabisa.

Kwa nini kumeza ni tofauti na kupaka

Dawa ikimezwa, hufyonzwa kwenye utumbo na kupita kwanza kwenye ini kabla ya kusambaa mwilini. Ini hupokea estrojeni hiyo ikiwa nyingi kwa mkupuo. Sehemu ya kinachofuata ilielezwa mwaka 1987 na Kenneth Ain, Samuel Refetoff na mwenzao. Walionyesha kwamba estrojeni hubadilisha minyororo ya sukari iliyopachikwa kwenye TBG. TBG yenye sukari hizo za ziada huondolewa kwenye damu polepole zaidi, kwa hiyo hubaki na kurundikana.

Estrojeni inayopita kwenye ngozi, kwa jeli au bandiko la homoni za ukomo wa hedhi, huingia moja kwa moja kwenye mzunguko wa damu. Ini huipata baadaye, ikiwa kidogo na imetandaa. Mwaka 2007 Jan Shifren na wenzake walichapisha utafiti ambao wanawake walewale walitumia aina zote mbili kwa zamu, kila moja kwa wiki 12. Walipomeza estrojeni, TBG ilipanda kwa takriban asilimia 40. Walipotumia bandiko, haikubadilika kwa kiasi cha kutajwa.

Kwa mwanamke anayemeza levothairoksini, tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Homoni ni ya jamii moja, dalili inayotibiwa ni moja, ila njia ya kuingia mwilini ndiyo inayoamua kama dozi ya thairoidi itayumba au itatulia.

Utafiti uliofungua macho

Jambo hili lilithibitishwa vizuri mwaka 2001, pale Baha Arafah wa Cleveland, Marekani, alipochapisha matokeo yake katika jarida la tiba la New England. Aliwafuatilia wanawake 36 waliokwisha koma hedhi. Kumi na mmoja walikuwa na tezi nzima. Wengine 25 walikuwa wakitumia levothairoksini: 18 kwa ajili ya kufidia upungufu, na 7 kwa ajili ya kuishusha TSH baada ya saratani ya tezi. Wote walianza kumeza estrojeni ya miligramu 0.625 kwa siku.

Baada ya wiki 12, kwa wanawake wenye tezi nzima, TBG ilikuwa imepanda kwa karibu nusu, na T4 ya jumla imepanda pia. T4 iliyo huru na TSH zilibaki zilivyokuwa. Tezi zao zilikuwa zimefanya kazi ya kufidia.

Kwa waliokuwa wakitumia levothairoksini, TBG na T4 ya jumla zilipanda vilevile. Ila T4 iliyo huru ilishuka, na wastani wa TSH ukapanda kutoka 0.9 hadi 3.2. Wastani huo unaficha jambo. Kati ya wale 18 waliokuwa wakifidia upungufu, 7 walivuka TSH ya 7, wakati kiwango cha kawaida katika maabara nyingi ni kati ya 0.4 na 4. Wengine hawakufika huko. Na kati ya wale 7 wa saratani, ambao TSH yao ilitakiwa ibaki chini kabisa, 3 walivuka 1.

Somo la utafiti huo lina pande mbili. Athari ni ya kweli, na inatosha kumrudisha mwanamke kwenye upungufu. Lakini haimkuti kila mmoja kwa kiasi kilekile, kwa hiyo kumwongezea kila mtu dozi siku anayoanza estrojeni ni kubahatisha. Kinachotakiwa ni kupima kwa wakati.

Mfano wa mwalimu wa miaka 34

Tuchukue mfano ili hatua zionekane. Namba ni za kuonyesha njia tu, lakini ndizo aina ya namba zinazokutwa kliniki.

Mwalimu mwenye umri wa miaka 34 na uzito wa kilo 62 alifanyiwa upasuaji wa goita na tezi yote ikaondolewa. Dozi ya mtu asiye na tezi hukadiriwa kwa mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito, na kwake yeye inafika karibu 100. Anameza mikrogramu 100 kila asubuhi kabla ya kula. TSH yake ni 1.8 na amekaa vizuri hivyo kwa mwaka mzima.

Baada ya kujifungua mtoto wa pili na kumaliza kunyonyesha, anakwenda kliniki ya uzazi wa mpango. Anapewa vidonge vyenye homoni mbili: ethinilestradioli, ambayo ni estrojeni, mikrogramu 30, pamoja na levonojestreli. Muuguzi anampima presha, anamuuliza kuhusu sigara, kipandauso na kuganda kwa damu. Yote hayo ni maswali sahihi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hauzuii mwenye upungufu wa thairoidi kutumia njia yoyote ya uzazi wa mpango kwa sababu ya upungufu huo, na vidonge hivyo vinaruhusiwa kwake bila masharti. Kwa hiyo hakuna kosa katika kuchagua vidonge. Pengo liko kwenye hatua inayofuata: hakuna aliyempangia tarehe ya kupima TSH.

Wiki ya sita anaanza kuhisi uzito wa mwili. Anaamka akiwa amechoka, choo kinakuwa kigumu, ngozi inakauka, na darasani anasahau majina ya wanafunzi anaowafahamu. Shoga yake anamwambia, "Hivyo vidonge ndivyo vilivyo, vitakuzoea." Ushauri huo unaelekea kuwa wa kweli, kwa kuwa vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kuleta uchovu na kubadilisha hali ya moyo katika miezi ya kwanza. Hapo ndipo hatari ilipo. Dalili za upungufu wa thairoidi hujificha nyuma ya dalili zinazotarajiwa. Hata hedhi nzito, ambayo ingekuwa ishara ya kumshtua, haionekani, maana vidonge vimeifanya iwe nyepesi.

Wiki ya nane anapima. TSH ni 8.2. T4 iliyo huru iko mwishoni kabisa mwa kiwango, upande wa chini. Daktari anaongeza dozi hadi mikrogramu 125. Mahali ambapo kuna vidonge vya 100 na vya 50 tu, hiyo ni kimoja cha 100 na nusu ya cha 50. Haongezi zaidi ya hapo kwa mara moja, kwa sababu T4 hukaa mwilini muda mrefu. Nusu ya kiasi chake huchukua takriban wiki moja kuondoka, na TSH huhitaji wiki sita hivi kutulia baada ya kila badiliko. Anapopima tena baada ya wiki nane, TSH ni 2.1. Uchovu umeondoka, naye anaendelea na vidonge vyake vyote viwili.

Angalia ambacho hakikufanyika: hakuacha uzazi wa mpango. Wanawake wengi, wakiambiwa kwamba dawa mbili zinagongana, huacha moja wenyewe. Hapa hakuna sumu wala hatari ya papo kwa papo. Kuna hesabu moja iliyobadilika, nayo hurekebishwa kwa mikrogramu 25.

Kutenganisha saa hakutatui hili

Anayetumia levothairoksini amezoea kuambiwa atenganishe. Kidonge cha thairoidi humezwa kwa maji matupu, nusu saa au saa moja kabla ya chai. Dawa za madini ya chuma na kalsiamu huachwa saa nne mbali nacho, kwa sababu hukamatana na T4 ndani ya utumbo na kuizuia isifyonzwe. Ni rahisi kudhani kwamba estrojeni nayo iko hivyo, kwamba ukimeza kimoja asubuhi na kingine usiku umemaliza kazi.

Hapana. Estrojeni haigusi T4 tumboni. Kazi yake inafanyika kwenye TBG inayotoka kwenye ini, siku baada ya siku, na TBG hiyo ikiongezeka inabaki juu saa zote 24. Hata ukivitenganisha vidonge kwa saa 12, TBG itapanda vilevile.

Hata hivyo, kuna sababu nyingine ya kutenganisha ambayo wengi hawaioni. Baadhi ya pakiti za vidonge 28 vya uzazi wa mpango zina vidonge 21 vya homoni na saba vya rangi tofauti, vya kahawia, kwa ajili ya wiki ya mwisho. Mara nyingi hivyo saba vina madini ya chuma. Mwanamke anayemeza pakiti yake pamoja na levothairoksini kila alfajiri, kwa wiki hiyo moja anapunguza kiasi cha T4 kinachoingia mwilini, juu ya upungufu ulioletwa na TBG. Dawa yake ni rahisi: levothairoksini alfajiri, uzazi wa mpango usiku kabla ya kulala, wiki zote nne, ili asilazimike kukumbuka rangi.

Njia zenye estrojeni na zisizo nayo

Si kila njia ya homoni huleta jambo hili. Inayohusika ni estrojeni. Vipandikizi vya mkononi, sindano ya miezi mitatu, vidonge vya homoni moja ambavyo hupewa wanaonyonyesha, na kitanzi chenye levonojestreli, vyote vinatumia projestojeni peke yake. Havipandishi TBG, na dozi ya levothairoksini hubaki ilivyo. Kitanzi cha shaba hakina homoni kabisa. Kidonge cha dharura cha levonojestreli, ambacho wengi wanakijua kwa jina la P2, nacho hakina estrojeni.

Kwenye dirisha la dawa ni rahisi kuchanganya, maana majina yanafanana. Microgynon ina homoni mbili na mojawapo ni estrojeni. Microlut ina levonojestreli peke yake. Geuza boksi usome viambato. Ukiona ethinilestradioli au estradioli, kwa tahajia yoyote ile, ujue hiyo ni estrojeni.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Tumesema bandiko la homoni za ukomo wa hedhi haligusi TBG. Bandiko la uzazi wa mpango ni kitu kingine. Lenyewe lina ethinilestradioli, ambayo imetengenezwa kwa namna ambayo ini huivunja kwa shida, kwa hiyo hulisisimua ini hata ikipita kwenye ngozi. Pete ya ukeni ya uzazi wa mpango inayotumia estrojeni hiyohiyo iko kwenye kundi hilo. Kwa upande wa thairoidi, hizi zichukuliwe kama vidonge: TSH ipimwe.

Kwa aliyekoma hedhi

Mwanamke wa miaka 52 anayeamka usiku akiwa amelowa jasho ana sababu nzuri ya kutafuta tiba ya homoni. Kama anatumia levothairoksini, kwake swali la kumeza au kupaka lina faida ya ziada. Jeli au bandiko la estradioli litatuliza joto na jasho bila kuyumbisha thairoidi. Kama bado ana mfuko wa uzazi atahitaji na projestojeni ili kuulinda, iwe anameza au anapaka. Krimu ya estrojeni ya dozi ndogo inayowekwa ukeni kwa ajili ya ukavu haiingii kwenye damu kwa kiasi cha kubadilisha TBG.

Lakini vidonge ndivyo vinavyopatikana kwa wengi, na huwa na bei nafuu. Basi avimeze, na apange kupima. Sababu ya kutosubiri dalili ni kwamba katika umri huu dalili huvurugana. Uchovu, kusahau, kuongezeka uzito, nywele kupungua na huzuni isiyo na sababu hutajwa katika ukomo wa hedhi na katika upungufu wa thairoidi vilevile. Mwanamke akianza vidonge vya homoni, joto likapungua lakini uchovu ukazidi, asikubali haraka kuambiwa kwamba ni umri. Mabadiliko hayo mawili kwenda njia tofauti ni sababu tosha ya kupima TSH.

Aliyewahi kuwa na saratani ya tezi ana haraka zaidi. Daktari wake huenda ameipanga TSH iwe chini kwa makusudi, ili isichochee seli zilizobaki. Kwake, TSH ya 2 ambayo maabara itaiandika kuwa ya kawaida inaweza kuwa imetoka nje ya lengo lake. Amjulishe daktari wa saratani kabla ya kuanza estrojeni ya kumeza, na aulize namba anayotakiwa kubaki nayo.

Namna ya kupima bila kudanganywa na karatasi

Kama unaweza, pima TSH kabla ya kuanza estrojeni, hasa kama kipimo cha mwisho ni cha zamani. Bila namba ya mwanzo huwezi kujua kilichosababishwa na estrojeni na kilichokuwapo tangu awali. Kisha pima tena kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Kupima wiki ya pili ni mapema mno, kwa kuwa TBG bado inapanda na TSH haijatulia. Dozi ikibadilishwa, pima tena baada ya wiki sita hadi nane, mpaka TSH irudi kwenye lengo.

Ukipima na T4, omba T4 iliyo huru. Kwenye fomu na majibu huandikwa FT4, na herufi ile F ndiyo ya kutafuta. Ikiandikwa T4 tu, au T3 tu, kwa kawaida ni ya jumla, inayohesabu iliyobebwa pamoja na iliyo huru. Ya jumla itapanda kwa sababu TBG imepanda, na haimaanishi kwamba dawa imezidi. Hapo ndipo inapotokea dozi ya mgonjwa kupunguzwa wakati alihitaji kuongezewa. Ukiona T4 ya jumla iko juu na TSH nayo iko juu, mwambie anayeyasoma majibu: "Daktari, nilianza kumeza estrojeni." Sentensi hiyo moja inaweza kuzuia kosa.

Usijiongezee dozi mwenyewe kabla ya kupima. Karibu nusu ya sababu za kusema hivyo ziko kwenye utafiti wa Arafah, ambapo wanawake wengi hawakuvuka kiwango. Nusu nyingine ni moyo na mifupa, na hapo tunafika kwenye sehemu inayosahaulika kuliko zote.

Siku utakapoacha

Athari hii hurudi nyuma. Estrojeni ikiachwa, TBG hushuka ndani ya wiki chache, T4 haina tena mahali pengi pa kushikwa, na iliyo huru huongezeka. Dozi iliyokuwa imeongezwa sasa inakuwa kubwa mno.

Turudi kwa yule mwalimu. Baada ya karibu mwaka mmoja, kliniki inaishiwa na vidonge na anashauriwa kuhamia sindano ya miezi mitatu. Ni badiliko la kawaida, na wengi hulifanya bila kufikiria kitu kingine. Sindano haina estrojeni. Yeye anaendelea na mikrogramu 125 kila asubuhi. Baada ya miezi miwili anahisi moyo ukienda mbio akiwa amekaa, mikono inatetemeka anapoandika ubaoni, usingizi haumjii, na amepungua kilo tatu bila kukusudia. TSH ni 0.1. Daktari anamrudisha kwenye 100, na wiki nane baadaye TSH ni 1.7. Laiti angepima wiki sita baada ya kuacha vidonge, asingefika huko.

Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, jambo hili lina uzito zaidi. Anaposimamisha vidonge vya homoni, anapoteza kinga ya estrojeni kwenye mifupa. Kama wakati huohuo levothairoksini imezidi, mifupa inapata pigo la pili, maana homoni ya thairoidi iliyozidi huharakisha kumomonyoka kwake. Moyo nao, katika umri huo, unaweza kuanza kupiga bila mpangilio. Na mapigo ya haraka pamoja na jasho yanaweza kudhaniwa kuwa ni joto la ukomo wa hedhi lililorudi, akapewa estrojeni tena badala ya kupunguziwa thairoidi.

Kwa hiyo kuna matukio matatu yanayohitaji TSH ipimwe wiki sita hadi kumi na mbili baadaye: siku unayoanza estrojeni ya kumeza, siku unayobadilisha dozi yake au kuhama kutoka kidonge kwenda bandiko au jeli, na siku unayoiacha. Mara nyingi anayekupa uzazi wa mpango si yule anayekuandikia levothairoksini, na huenda mafaili yako hayakutani kamwe. Anayejua dawa zote mbili ni wewe. Andika kwenye kadi ya uzazi wa mpango kwamba unatumia levothairoksini na dozi yake. Andika kwenye daftari la kliniki ya thairoidi jina la kidonge cha uzazi wa mpango au cha ukomo wa hedhi, na tarehe uliyokianza. Ukikiacha, andika tarehe hiyo pia, na chini yake tarehe ya kwenda maabara.